Jinsi ya kupeleka pendekezo la kuhuisha mkataba kwa mteja wa siku nyingi, skopu imebadilika na bei imepanda

Mteja mpya ukimpa bei anaisoma kama bei tu, lakini mteja wa siku nyingi anaisoma kama tofauti, yaani macho yanaenda moja kwa moja kwenye pengo kati ya alichokuwa analipa na unachomtajia leo, na kama hujamwambia pengo limetoka wapi atajijibu mwenyewe na jibu lake halitakufurahisha. Kazi nzima ya pendekezo la kuhuisha mkataba ni kulipasua hilo pengo vipande ili kila kipande kiwe na sababu yake.

Nitatumia mfano wa kampuni ya usafi hapa Dar, mteja ni wakala wa forodha mwenye ofisi kwenye jengo moja Kurasini. Mfano nimeutunga ila hesabu ni za kweli kwa maana unaweza kubadilisha namba ukaweka zako. Mkataba ulisainiwa Januari 2024, miaka 3, unaisha 31 Desemba 2026. Bei ni 3,900,000 kwa mwezi bila VAT, wasafishaji 6 na supavaiza 1, siku 6 kwa wiki. Kama wewe unafanya ulinzi, IT sapoti, kupulizia dawa au kutunza jenereta, njia ni ileile.

Hatua ya 1: Usome mkataba wenyewe, sio kumbukumbu yako ya mkataba

Utoe kwenye faili usome vipengele vitatu tu kwanza. Tarehe ya kuisha, notisi, na bei inaruhusiwa kubadilika vipi. Notisi ndio inaumiza watu wengi, mkataba unasema mabadiliko yoyote yapelekwe kwa maandishi siku 60 kabla, wewe unaanza kuongea habari za bei Desemba katikati watu wameshaanza kwenda Moshi. Kingine angalia kama mkataba unajihuisha wenyewe kwa masharti yaleyale pale ambapo hakuna aliyesema kitu, maana ukikaa kimya utajikuta umefungwa mwaka mwingine kwa bei ya 2024.

Kwa mkataba unaoisha Desemba mimi ningeanza Agosti mwishoni. Sababu ni bajeti. Kampuni zinazofunga mahesabu Desemba nyingi zinatengeneza bajeti ya mwaka unaofuata kuanzia Septemba Oktoba, na ukiwahi namba yako inaingia humo kama gharama ya kawaida. Ukichelewa inakuwa ongezeko nje ya bajeti na hapo hata admini anayekupenda hana cha kukusaidia. Kwa taasisi za serikali mwaka wa fedha ni 1 Julai hadi 30 Juni kwa hiyo rudisha kalenda nyuma ipasavyo.

Hatua ya 2: Tembea jengo ukiwa na kiambatanisho cha kazi mkononi

Hii ndio hatua yenye hela na ndio inayorukwa. Kila mkataba wa huduma una ukurasa unaoorodhesha kazi, uprinti, chukua peni, mchukue supavaiza wako mzunguke chumba kwa chumba. Kila mstari weka alama, kazi hii bado ipo, haipo tena, au imeongezeka. Halafu upande wa pili wa karatasi andika vitu vinavyofanyika ambavyo havijaandikwa popote.

Muulize supavaiza na wasafishaji, usimuulize mteja kwanza. Wao ndio wanajua kwamba toka Juni mwaka jana mteja amechukua ghorofa ya tatu na "tuliambiwa tupitie pitie tu", kwamba dada wa mapokezi anawaita kuosha vikombe kila kikao kikiisha, kwamba Jumamosi geti linafunguliwa saa 4 badala ya saa 2 kwa hiyo wanakaa kusubiri. Kwenye mfano wetu mzunguko ulileta mambo mawili makubwa:

Ghorofa ya tatu inasafishwa kila siku na watu walewale 6 na haipo kwenye mkataba. Dalili zake zilikuwa zinaonekana kabla hata ya kuzunguka, malalamiko ya vyoo vya ghorofa ya pili yaliongezeka, ambavyo zamani havikuwahi kulalamikiwa. Ukiona eneo lililokuwa sawa linaanza kulalamikiwa bila mtu kubadilishwa, tafuta muda wa yule mtu umehamia wapi.

La pili ni zuri kwako ingawa linapunguza hela. Mkataba unasema mazulia yaoshwe kwa mashine kila miezi 3, wakati mteja alishang'oa mazulia akaweka vigae. Umekuwa unalipwa kwa kazi isiyokuwepo. Usilifiche hili, liweke juu kabisa kwenye barua, maana mteja akiona umeanza kwa kupunguza atakusikiliza ukifika kwenye kuongeza. Na akija kuligundua mwenyewe katikati ya mazungumzo, hoja zako zote nyingine zimekufa.

Kila kilichoongezeka kitafutie ushahidi mdogo, meseji ya wasapu ya admini "naomba na huku juu mpitishe", daftari la kusaini zamu, chochote chenye tarehe. Huendi nao kugombana, unauweka tu endapo bosi mpya atauliza nani aliruhusu.

Hatua ya 3: Piga hesabu mara mbili

Watu wengi wanapiga hesabu moja ya kazi yote mpya wakapata namba moja. Wewe piga mbili. Ya kwanza, kazi ileile ya zamani ingegharimu kiasi gani leo. Ya pili, zile nyongeza peke yake zinagharimu kiasi gani. Ukizichanganya unapata asilimia moja kubwa ya kutisha ambayo huwezi kuielezea.

Kazi ileile, watu 6 kwa 360,000 ni 2,160,000, supavaiza 500,000, jumla ya mishahara 2,660,000. Juu yake weka makato ya mwajiri: NSSF 10%, tozo ya kuendeleza ujuzi SDL 3.5% (hii inakuhusu kama kampuni nzima ina wafanyakazi 10 na kuendelea), mfuko wa fidia WCF 0.5%. Jumla 14%, ambayo ni 372,400. Halafu likizo, sheria inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka na choo hakiendi likizo, kwa hiyo kuna mtu wa kushikia nafasi, tuweke 205,000 kwa mwezi. Sabuni, dawa na tishu 540,000, hapo shampuu ya mazulia yenye wastani wa 60,000 kwa mwezi nimeshaitoa. Mashine na matengenezo 120,000, sare na nauli za ukaguzi 100,000. Jumla 3,997,400.

Angalia hiyo namba tena. Mteja analipa 3,900,000. Yaani kabla hata ya kugusa ghorofa ya tatu kampuni inatoa karibu laki moja mfukoni kila mwezi. Kilichofanya hivyo kwa sehemu kubwa ni mishahara, kima cha chini cha sekta binafsi kilipandishwa kuanzia 1 Januari 2026, wastani ukatoka 275,060 kwenda 358,322, mkataba ukiwa katikati na bei haina kipengele cha kusogea. (Kima kinatofautiana kwa sekta, usikopi 360,000 yangu, fungua amri ya mishahara uangalie mstari wa sekta yako.)

Sasa faida. Tuseme unataka 12% ya bei. Gawanya kwa 0.88, usizidishe kwa 1.12, hizo ni hesabu mbili tofauti na ya pili inakupa faida pungufu ya 12% ya bei. 3,997,400 kugawa kwa 0.88 ni kama 4,542,500, tunaiweka 4,540,000.

Nyongeza ni ghorofa ya tatu. Inataka mtu mmoja zaidi: mshahara 360,000, makato 50,400, akiba ya likizo yake 25,000, vifaa 80,000. Jumla 515,400, gawa kwa 0.88 ni kama 585,700, tunaweka 590,000.

Bei mpya 5,130,000 bila VAT. Kutoka 3,900,000 hilo ni ongezeko la karibu 31.5%, na ukilipeleka hivyo likiwa uchi utasikia kimya cha wiki tatu, halafu utasikia kwamba kuna kampuni nyingine imeonekana pale ikipima pima.

Hesabu hii ya gharama ni yako, mteja haoni faida yako wala mchanganuo wa sabuni. Anachokiona ni kitu hiki hapa:

| Maelezo | Sh kwa mwezi, bila VAT |
|---|---|
| Bei ya sasa | 3,900,000 |
| Kuosha mazulia (hayapo tena) | −70,000 |
| Mabadiliko ya mishahara na gharama, kazi ileile | +710,000 |
| Ghorofa ya tatu, mtu 1 wa kudumu | +590,000 |
| Bei mpya | 5,130,000 |

Mistari mitano tu. Mhasibu wake anaweza kubishana na mstari mmoja mmoja, na hicho ndicho unachotaka, abishane na mstari asibishane na wewe.

Hatua ya 4: Ongea na mtu wa ndani kabla barua haijatoka

Kwa mteja wa miaka mitatu barua isiwe ndio habari ya kwanza. Omba nusu saa kwa admini, nenda pale pale ofisini kwake, simu haitoshi kwa hili. Na bei usiitaje bado. Unaenda kuhakiki skopu tu: "Dada, mkataba wetu unaisha Desemba, nimezunguka na supavaiza, nimeona mambo yamebadilika, naomba tuupitie mstari kwa mstari kabla sijaandika chochote." Akikubali kwamba ghorofa ya tatu ipo na inasafishwa kila siku, umemaliza ubishi mkubwa kabla haujaanza.

Hapohapo uliza mambo mawili. Nani anasaini, admini mwenyewe, meneja fedha au mkurugenzi, maana barua inaandikwa kwa ajili ya yule wa mwisho ambaye hajawahi kuona wasafishaji wako wanafanya nini. Na kuna mpango gani mwakani. Unaweza kukuta wanarudisha ghorofa ya tatu kwa mwenye nyumba Machi, na wewe ulikuwa unaenda kuajiri.

Kama kuna malalamiko ya huduma ambayo hayajaisha, yamalize kwanza hata kama ni wiki mbili. Kupeleka bei mpya wakati kuna bomba la sinki umeambiwa mara nne ni kujitafutia ubaya.

Hatua ya 5: Andika, kurasa mbili zisizidi

Barua ukurasa mmoja, kiambatanisho cha kazi ukurasa mmoja. Ile historia ya kampuni, maono na dhamira, picha za wafanyakazi wamevaa glovu, acha, huyu anakujua. Barua yenyewe inaweza kuwa hivi:

> Ndugu Mkurugenzi,
>
> YAH: PENDEKEZO LA KUHUISHA MKATABA WA USAFI KUANZIA 1 JANUARI 2027
>
> Mkataba wetu wa Januari 2024 unaisha tarehe 31 Desemba 2026. Tarehe 3 Septemba tulipitia kazi zote pamoja na Afisa Utawala wako na kukubaliana kwamba kazi zilizopo sasa zinatofautiana na zilizoandikwa kwenye mkataba.
>
> Kuosha mazulia hakuhitajiki tena na kazi hiyo tumeiondoa kwenye bei. Ghorofa ya tatu, ambayo tumekuwa tukiisafisha tangu Juni 2025 bila malipo ya ziada, tunapendekeza iingizwe rasmi na ipatiwe msafishaji wake. Bei ya kazi za awali tumeirekebisha kufuatana na kima kipya cha mshahara kilichoanza 1 Januari 2026, ambacho kwa mwaka huu wote tumekibeba wenyewe.
>
> Mchanganuo wa bei na machaguo mawili vimeambatanishwa. Tunaomba uamuzi wako ifikapo tarehe 16 Oktoba ili tuwe na muda wa kuajiri na kumfundisha msafishaji mpya kabla ya Januari.

Ona kwamba hakuna "kutokana na kupanda kwa gharama za maisha". Hiyo sentensi ipo kwenye kila barua ya kupandisha bei nchi hii na haina nguvu tena, hata mteja ana gharama za maisha. Taja kitu chenye tarehe. Halafu hiyo tarehe ya mwisho imepewa sababu ya kweli, sio vitisho vya "ofa hii ni ya siku 14".

VAT iandike wazi kila mahali penye namba. Mteja aliyesajiliwa VAT kwa kawaida ile 18% anaidai kwenye ritani zake, kwa hiyo kwake bei ni ile bila VAT. Ila kama mteja wako ni shule au zahanati ambayo huduma zake zimesamehewa VAT, VAT ni gharama kamili kwake na lazima uongee kwa namba ya jumla. Na wewe jikumbushe kwamba kwenye malipo ya huduma anakukata 5% ya zuio kwenye kiasi bila VAT, kwa hiyo invoisi ya 6,053,400 (5,130,000 na VAT 923,400) inaingia benki 5,796,900. Ile 256,500 haijapotea, dai cheti cha zuio uitumie kwenye kodi yako ya mapato, lakini mishahara ya mwezi huo hailipwi kwa cheti.

Hatua ya 6: Machaguo mawili, sio matatu wala moja

Ukipeleka bei moja swali linakuwa ndiyo au hapana. Peleka mbili. Chaguo la kwanza ni lile kamili la 5,130,000. La pili ni ghorofa ya tatu isafishwe siku 3 kwa wiki badala ya 6, mtu wa nusu muda. Mshahara 180,000, makato 25,200, likizo 12,500, vifaa 40,000, jumla 257,700, kwa faida ileile ni kama 290,000. Bei inakuwa 4,830,000. Tofauti ya laki tatu inaonekana imetoka kwenye kazi, haijatoka kwenye huruma.

Hatua ya 7: Wakisema ni kubwa, na watasema

Mazungumzo mara nyingi yanakwenda hivi. Meneja fedha: "Kaka, sisi ni wateja wenu wa siku nyingi, tupunguzieni hata asilimia tano." Inasikika ndogo. Piga hesabu: 5% ya 5,130,000 ni 256,500, na faida yako yote kwa mwezi ni kama 617,000. Umeombwa zaidi ya 40% ya faida kwa sentensi moja ya kirafiki.

Jibu lisiwe hapana, liwe kubadilishana: "Dada, nafasi ya kupunguza ipo tukigusa kazi. Tukienda siku 3 kule juu tunafika 4,830,000. Au kama bajeti ya nusu ya kwanza ndio imebana, tuanze na siku 3 Januari hadi Juni, mtu wa kudumu aingie 1 Julai kwa 5,130,000." Hiyo ya ngazi inapita sana kwa sababu mtu wa fedha anaonekana amepata kitu na wewe hujafanya kazi ya bure. Kitu kingine cha kuuza ni siku za malipo. Kama wamekuwa wanalipa siku ya 60 wakati mkataba unasema 30, kushuka elfu 50 kwa malipo ya uhakika ndani ya siku 15 kunaweza kuwa na maana kwako, mradi iandikwe kwamba wakichelewa punguzo la mwezi huo halipo.

Usichokubali ni bei ya chini na kazi yote. Hela itatoka sehemu, na itatoka kwenye idadi ya watu au kwenye mishahara kwenda chini ya kima, na siku afisa kazi akija ukaguzi yule meneja fedha hatakuwepo.

Wakikuonyesha kotesheni ya mshindani ya milioni 3.6 usikasirike, omba kuuliza swali moja tu: hiyo ni watu wangapi na wanalipwa kiasi gani? Kwa wasafishaji 7, supavaiza 1 na kima kipya, mishahara na makato na likizo peke yake kwa mfano wetu ni 3,672,800. Aliyetoa 3.6 ama ana watu wachache ama hajaweka NSSF. Mwachie mteja amalizie hesabu mwenyewe.

Hatua ya 8: Kusaini

Makubaliano ya mdomo na "endeleeni tu tutasaini" ndio chanzo cha ile ghorofa ya tatu. Kama masharti mengine hayajabadilika, nyongeza ya mkataba ya ukurasa mmoja na nusu inatosha, lakini iwe na kiambatanisho kipya cha kazi kinachosema wazi kwamba cha zamani kimefutwa. Na weka vipengele viwili ambavyo havikuwepo.

Kimoja, kazi yoyote mpya ya kudumu inaanza baada ya barua pepe ya kukubali bei kutoka kwa mtu aliyetajwa kwa cheo. Kuosha vikombe mara moja moja fanya tu, usiwe mtu wa kuhesabu vijiko.

Cha pili, serikali ikibadilisha kima cha chini, sehemu ya nguvukazi kwenye bei itasogea kwa kiwango hichohicho baada ya notisi ya siku 30. Andika sehemu hiyo ni asilimia ngapi ya bei, kwetu ni kama 72, ili kima kikipanda 10% kila mtu ajue bei inasogea karibu 7% na hakuna anayeanza mjadala upya. Wateja wengi wanakubali hiki kirahisi kuliko ongezeko la moja kwa moja la kila mwaka, maana hakiwagusi mpaka amri itoke.

Ikifika 31 Desemba sahihi hazijapatikana, omba angalau barua fupi ya kuongeza muda wa miezi 2 ikitaja bei ya mpito. Kusafisha Januari bila karatasi yoyote maana yake utalipwa bei ya zamani, kama utalipwa.

Mwisho, kabla ya invoisi ya kwanza hakikisha LPO, yaani oda yao ya manunuzi, au namba kwenye mfumo wao imebadilishwa. Mkurugenzi amesaini bei mpya Novemba, lakini mhasibu ana LPO ya 3,900,000 na atalipa kilichoandikwa kwenye LPO. Mtumie nakala iliyosainiwa wiki ya kwanza ya Januari, na risiti ya EFD toa kwa kiasi kipya tangu mwezi huohuo.